Maneno machache mezani kabla ya safari

Papa na Mama wanaondoka Bukavu kwenda kuhiji Yerusalemu, na ndugu wamenichagua niseme mezani. Niseme kwa muda gani? (Ibanda)

Dakika mbili zinatosha. Ukisoma kwa utulivu, hayo ni kama maneno mia mbili, yaani ukurasa mmoja wa daftari. Simama baada ya sambaza kuliwa na kabla bugali haijaletwa, kwa maana bugali ikianza kupoa mbele ya watu hakuna anayekusikiliza tena. Na hakikisha kila glasi imekwisha kujazwa kabla hujafungua kinywa, la sivyo utamaliza huku wenzako wakitafuta kifungulio.

Wamengoja miaka 11. Nieleze yote yaliyowachelewesha? (Kadutu)

Hapana. Viza iliyokataliwa na fedha zilizokwenda kwenye ada za shule ni mambo wanayoyajua, na ukiyapanga moja baada ya jingine karamu itageuka kuwa kikao cha hesabu. Chagua kitu kimoja ambacho kila aliye mezani amekiona. Shangazi yangu alipoagwa, mwanawe alisema hivi: «Sanduku hili Mama alilinunua kwa ajili ya safari. Kwanza lilitunza nguo za mtoto, kisha likawa ghala la maharage, na sisi tukawa tunalikalia tukisikiliza mpira redioni. Leo asubuhi nimelikuta wazi kitandani, na maharage yamehamia kwenye ndoo.» Watu walicheka, na shangazi akajifuta macho kwa pindo la kitenge. Ile miaka haikutajwa hata mara moja, lakini kila mtu aliihesabu.

Alikosea jambo moja tu: waliokuwa wanaondoka ni wawili, naye akamsahau baba yake, ambaye ndiye aliyekuwa akitia mafuta kufuli la sanduku hilo lisishike kutu. Sentensi moja juu ya kufuli ingetosha.

Baadhi ya wageni hawanywi pombe. (Bagira)

Wamiminieni fanta au maji, bila kulitangaza.

Nimalizeje bila kuwaliza watu? (Ibanda)

Jihadhari na «nendeni kwa amani» na «tutaonana Mungu akipenda», kwa sababu masikio ya wazee wetu yameyazoea maneno hayo makaburini, na mara moja utaona mama mmoja akiinamisha kichwa. Taja kurudi kwao waziwazi, tena kwa kitu kinachoonekana pale pale: «Papa, Mama, mnakwenda wawili, mrudi wawili, na viti hivi viwili hatuvikalii.» Kisha inua glasi, sema «Mwende na mrudi!», unyamaze ili watu waitikie «Mrudi!» kwa pamoja. Ukiongeza neno baada ya hapo, mikono itachoka hewani na nusu ya wageni watakuwa wameanza kunywa.