Tarehe kwenye fomu ya lugha mbili

"Jamani fomu yangu ya usajili iko Kiswahili na Kiingereza, nimeandika 07/05 saa 2, watu wanapiga simu wanauliza ni lini hasa. Nirekebishe wapi?"

Toa hiyo 07/05 kabisa, kuna watakaosoma 7 Mei na kuna watakaosoma 5 Julai, na wote wako sahihi kivyao. Andika mwezi kwa jina na weka siku ya wiki:

```
Alhamisi 7 Mei 2026, saa 2:00 asubuhi
Thursday 7 May 2026, 8:00 a.m.
```

Siku ya wiki ndo inakusaidia kukagua, ukibadilisha tarehe upande mmoja ukasahau mwingine utaona siku hazilingani. Saa nayo usiinakili tu toka Kiingereza maana "saa 8:00" kwa msomaji wa Kiswahili ni mchana, mtu atakuja mmeshafika mbali. Na dedlaini usiandike saa 6 usiku, watu hawajui ni usiku wa kuamkia tarehe 7 au wa kuisha kwake, weka saa 5:59 usiku / 11:59 p.m. yaishe.

Halafu meseji ya uthibitisho ivute maneno yaleyale ya fomu, kama fomu imesema "namba ya usajili" meseji isije na "msimbo", mtu ataanza kutafuta kitu cha pili.

"Si uweke tu 2026-05-07?"

Kwenye databesi sawa, humo ndo mahali pake na lugha zote mbili zivute hapohapo, ila kwa msomaji wa meseji mimi nisingeiweka.

"Yangu meseji haifiki kabisa, nayo ni tarehe?"