Sarafu Ikishaanguka: Namna ya Kuchambua Vipengele vya Bei na Matukio Yasiyozuilika Katika Mikataba ya Ugavi

Sarafu ikiporomoka ghafla, barua za wagavi huanza kumiminika, na kila mmoja anadai mkataba unamruhusu kupandisha bei au kusitisha kuleta mali. Ukiwa mgeni kazini, utapewa lundo la mikataba uambiwe utoe vipengele vinavyohusika. Tenganisha maswali mawili tangu mwanzo: nani anabeba gharama iliyoongezeka, na nani anasamehewa akichelewa au akishindwa kuleta. La kwanza linajibiwa na kipengele cha kurekebisha bei. La pili linajibiwa na kipengele cha matukio yasiyozuilika. Wagavi wengi huyachanganya makusudi, wakitaja kipengele cha pili ili walipwe kwa hoja ya kwanza.

Kabla ya kusoma lolote, kusanya hati zote za mkataba mmoja: masharti ya jumla, masharti maalumu, viambatisho, marekebisho yote yaliyosainiwa na oda zenyewe. Kisha tafuta kifungu kinachosema ipi inatangulia hati zinapopingana. Mara nyingi masharti ya jumla yanaruhusu bei irekebishwe, ilhali oda imeandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba bei haibadiliki. Kama oda ndiyo inayotangulia, kipengele kizuri ulichonakili hakina kazi kwa oda hiyo.

Kwa mikataba ya Kiingereza iliyo kwenye faili, anza na utafutaji wa maneno:

```
pdftotext -layout mkataba.pdf mkataba.txt
grep -n -i -E "majeure|control|hardship|adjust|escalat|exchange|fixed|firm" mkataba.txt
```

Tafuta neno moja moja, si kirai kizima, kwa sababu mstari ukikatika katikati ya kirai, `grep` haitakiona. Faili la maandishi likitoka tupu au karibu tupu, mkataba huo ni picha iliyoskaniwa. Unahitaji programu ya kusoma herufi kwanza. Hata hapo usiziamini tarakimu. Siku 14 husomeka 11, na alama ya asilimia hupotea. Kila namba unayoinakili ihakikishe kwa macho kwenye ukurasa wenyewe. Baada ya hapo soma sehemu ya tafsiri ya maneno mwanzoni mwa mkataba, maana kiwango cha msingi cha kubadilisha fedha mara nyingi kimejificha humo, wala hakimo kwenye kifungu cha bei.

Sasa kifungu cha bei chenyewe. Kinakili neno kwa neno, pamoja na namba ya kifungu, ukurasa na tarehe ya hati. Halafu toa humo mambo matano na uyaweke kwenye jedwali lenye safu moja kwa kila mkataba: kiwango cha msingi, chanzo cha kiwango kipya, tarehe ya kukisoma, kizingiti cha kuanzia, na sehemu ya bei inayoguswa.

Tuchukue mfano. Bei ya shehena ni 1,000,000. Asilimia 60 ya bei inafuata dola na asilimia 40 haibadiliki. Kiwango cha msingi ni 100 kwa dola, kiwango kipya ni 130, na kizingiti ni asilimia 5. Fomyula iliyo mkatabani ni hii, P0 ikiwa bei ya awali, P1 bei mpya, R0 kiwango cha msingi na R1 kiwango kipya:

```
P1 = P0 x (0.40 + 0.60 x R1/R0)
```

Ukiweka namba unapata 1,000,000 x (0.40 + 0.60 x 1.30), yaani 1,180,000. Lakini soma tena maneno ya kizingiti. Kama yanasema badiliko likizidi asilimia 5 bei inarekebishwa, mgavi anapata ongezeko lote. Kama yanasema inarekebishwa kwa kiasi kinachozidi asilimia 5, basi ni asilimia 25 tu zinazoingia kwenye hesabu, na bei inakuwa 1,150,000. Tofauti ni 30,000 kwa kila shehena, na imetokana na neno "kinachozidi". Muhtasari unaosema tu "kizingiti asilimia 5" umelipoteza neno hilo, ndiyo maana tunadai maneno kamili.

Mtego mwingine unanasa hata wazoefu. Dola ikitoka 100 hadi 130, dola imepanda asilimia 30, lakini sarafu imeshuka takriban asilimia 23. Kwa mabadiliko makubwa hilo haliamui kama kizingiti kimevukwa. Kwenye mpaka linaamua kila kitu: dola ikifika 105.2 imepanda asilimia 5.2, ilhali sarafu imeshuka asilimia 4.94. Mkataba unaopima kupanda kwa dola umefunguka. Unaopima kushuka kwa sarafu bado umefungwa. Andika kwenye jedwali lako kipimo kinatazama upande gani.

Angalia pia kama marekebisho ya baadaye yalihamisha kiwango cha msingi. Bei ilipojadiliwa upya katikati ya mkataba, kwa kawaida kiwango nacho husogezwa, na mgavi anayepiga hesabu kwa kile cha zamani anadai anguko ambalo ameshalipwa. Na tarehe ya kusoma kiwango kipya iwe wazi: ya oda, ya kupokea mali, ya ankara au ya malipo. Wiki mbili za soko lililochafuka zinatosha kubadili jibu.

Tukija kwenye matukio yasiyozuilika, gharama kupanda peke yake kwa kawaida hakumwondolei mgavi wajibu. Vipengele vingi husema hivyo waziwazi, na pale vinaponyamaza, sheria nyingi za mikataba huelekea huko huko. Hata hivyo tofautisha sarafu kuanguka na serikali kuzuia fedha za kigeni zisitoke. Kifungu cha mfano cha mwaka 2020 cha Chama cha Kimataifa cha Biashara, ICC, kinataja vizuizi vya fedha na biashara miongoni mwa matukio yake. Kushuka kwa thamani ya sarafu hakumo. Kitenzi nacho kina uzito: kipengele kinachotaka tukio "lizuie" utekelezaji ni kigumu kuliko kinachotosheka "likiuchelewesha". Kama bandari imefungwa ila mali inaweza kupita njia nyingine kwa gharama kubwa zaidi, neno hilo ndilo litakalobishaniwa. Tazama kama msambazaji wa chini wa mgavi amejumuishwa, na kama wajibu wa kulipa umetolewa kwenye msamaha, maana mara nyingi hutolewa.

Jambo la mwisho kulichambua, na la kwanza kuisha muda, ni notisi. Andika ni siku ngapi, ni za kalenda au za kazi, na zinaanza kuhesabiwa lini: siku ya tukio, au siku mhusika alipojua au alipopaswa kujua. Andika pia iende kwa nani na kwa njia gani, na kama mkataba unasema asiyetoa notisi kwa wakati anapoteza haki yake. Kwa sababu hiyo panga jedwali kwa tarehe ya mwisho ya notisi, si kwa ukubwa wa mkataba. Pale usipoona kipengele, usiandike "hakuna" mpaka umesoma hati zote zilizotajwa mkatabani. Andika "hakijaonekana", taja hati inayokosekana, kisha mpelekee mwanasheria safu hizo zikiwa zimewekewa rangi.