Desa la pointi kumi na mbili halitakuokoa kwenye swali la Luther na Papa

*Shikamoo mwalimu. Nasoma kivyangu, narudia mtihani wa historia wa fomu siksi. Swali la sababu na matokeo ya Waprotestanti kujitenga na Papa linanitesa. Nina desa lenye sababu 12 na matokeo 12, nimekariri zote, ila kwenye moku napata 8 kwa 20. Nipange vipi jibu langu?*

Marahaba kijana. Hizo 8 unazipata kwa sababu umeorodhesha tu, hujajibu. Kila msimu wa moku nasahihisha insha kama yako, ufisadi wa mapadri ni pointi, mashine ya uchapaji ni pointi, Luther ni pointi, kila moja imekaa peke yake haijuani na mwenzake, na msahihishaji akifika mwisho bado hajaambiwa kwa nini kanisa lilipasuka.

Kinachoniumiza zaidi ni ile sentensi ya kwanza ambayo madesa yote yameinakili, eti Luther alichukizwa na uuzaji wa rehema, yaani vyeti vya kanisa vya kupunguziwa adhabu ya dhambi, ndiyo akajitenga akaanzisha dini yake. Jamani hapana. Oktoba 1517 Luther alikuwa mtawa na mwalimu wa chuo kikuu pale Wittenberg, akaandika hoja 95 kwa Kilatini, lugha ya wasomi, anataka mjadala, na nakala akampelekea askofu mkuu kwa adabu zote. Kasome hoja ya 50: anasema Papa angejua wahubiri wa rehema wanavyowakamua watu, angeona heri kanisa la Mtakatifu Petro liungue liwe majivu kuliko lijengwe kwa ngozi, nyama na mifupa ya kondoo wake. Huyo ni mtu anayeamini kwamba Papa akiambiwa atarekebisha. Kutengana kulikuja baadaye na kwa hatua: 1520 Papa Leo wa 10 akamwandikia waraka akampa siku 60 akane mafundisho yake, Desemba Luther akauchoma ule waraka hadharani, Januari 1521 akatengwa na kanisa.

Kwa hiyo mpango wako ujibu swali moja, imekuwaje malalamiko ya mwalimu mmoja yakawa mpasuko wa kudumu. Tumia kama dakika tano kuandika mpango pembeni, sababu zigawe mafungu matatu na kila fungu lizae linalofuata.

Fungu la kwanza ni heshima ya Papa kushuka muda mrefu kabla ya Luther. Hapa usikae sana. Mapapa kukaa Avignon badala ya Roma tangu 1309 hadi 1377, halafu mapapa wawili na baadaye watatu wanagombea kiti mpaka 1417, watu wakaona kumbe cheo hiki kinagombewa kama vyeo vingine. Mtaje Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyelaumu ufisadi wa kanisa, aliyechomwa moto 1415 kwenye mtaguso, yaani mkutano mkuu wa kanisa, wa Konstanz japo alikuwa na hati ya kumlinda njiani. Mshike huyo, utamhitaji tena.

Fungu la pili ni hela, na hapa ndipo wengi wanaandika "kanisa lilikuwa na tamaa" wanaishia hapo. Toa kisa chenyewe. Albrecht wa Brandenburg alikuwa tayari askofu mkuu wa Magdeburg, 1514 akataka na Mainz, umri haujafika na sheria ya kanisa hairuhusu kushika majimbo yote hayo, hivyo alihitaji ruhusa ya Roma na ruhusa ililipiwa. Akakopa kwa Fugger, matajiri wa benki wa Augsburg. Ili deni lilipike Papa akaruhusu rehema ziuzwe kwenye maeneo ya Albrecht, nusu ya mapato iende Roma kujenga kanisa la Mtakatifu Petro, nusu imlipe Fugger, na muuzaji akawa Johann Tetzel. Ukiandika hivyo umeonyesha ufisadi, mabenki na chuki ya Wajerumani kuona hela yao inaenda Roma, vyote kwa aya moja, wakati desa limevifanya pointi tatu zisizojuana. Na huyo askofu mkuu aliyepelekewa hoja 95 ndiye huyohuyo Albrecht.

Fungu la tatu ndilo lenye maksi na ndilo linalorukwa: kwa nini Luther hakuishia kama Hus? Mwaka 1521 aliitwa mbele ya Kaisari Charles wa 5 kule Worms, akakataa kukana, akatangazwa mhalifu. Lakini mtawala wake, Frederick wa Saxony, alikuwa mmoja wa wale saba wanaomchagua Kaisari, si mtu wa kuguswa hovyo, akamficha kwenye ngome ya Wartburg, na humo Luther akatafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani likachapwa 1522. Kaisari naye akaondoka kwenda kuhangaika na Wafaransa, hakurudi Ujerumani mpaka 1530, na huku Waturuki 1529 wako kwenye kuta za Vienna, anawahitaji haohao watawala wa Kilutheri wampe askari. Uchapaji unauingiza hapa, maana kazi yake ilikuwa kusambaza maandishi kasi kuliko mtu yeyote angeweza kuyakusanya na kuyachoma.

Uingereza ipe aya moja, na usiseme Henry wa 8 alikuwa mfuasi wa Luther, 1521 alimpinga kwa kitabu kizima mpaka Papa akampa cheo cha mtetezi wa imani. Alivunja na Roma 1534 kwa sababu Papa alikataa kuibatilisha ndoa yake na Catherine, na Catherine ni shangazi wa Kaisari yuleyule ambaye jeshi lake liliiteka Roma 1527.

Matokeo sasa. Usianze orodha mpya, kila tokeo lifunge na sababu uliyoeleza juu. Watawala walimlinda Luther, basi wao ndio waliofaidi: Henry akafunga nyumba za watawa kati ya 1536 na 1540 akachukua ardhi yao, na wakulima wa Ujerumani walipoasi 1524 na 1525 Luther aliwaunga mkono watawala. Malalamiko ya ufisadi yakajibiwa na Mtaguso wa Trento, 1545 hadi 1563, uliopiga marufuku biashara ya rehema lakini ukaitunza rehema yenyewe. Halafu vita, mpaka ile ya miaka thelathini iliyoisha 1648.

Nawaambia na wengine mnaosoma hapa, hawa wauza madesa kwenye magrupu ya Wasapu wanaoahidi "maswali yatakayotoka" wanawala hela na wanawafelisha, wengi hawajawahi kusahihisha hata insha moja, wananakiliana makosa. Njia ya kuwakamata ni hii, kabla hujalipa omba kuona wanachosema kuhusu Amani ya Augsburg ya 1555. Desa likisema ilileta uhuru wa kuabudu kwa kila mtu, usinunue. Makubaliano yale yalimpa mtawala wa eneo haki ya kuchagua Ukatoliki au Ulutheri, raia wa kawaida alifuata dini ya mtawala wake na asiyetaka aliruhusiwa kuuza mali ahame, na wafuasi wa Calvin, kiongozi mwingine wa Waprotestanti, hawakuwemo kabisa, walikuja kutambuliwa 1648.