Binti mkimbiaji, hedhi imekata na ugoko unauma

*"Binti yangu ana miaka 16, anakimbia mita 5000, hajaona siku zake miezi nane sasa na kocha anasema kwa wakimbiaji ni kawaida. Wiki mbili hizi ugoko unamuuma. Mi nilijua mazoezi yanaimarisha mifupa, sasa hii imekaaje? Na je kukimbia kunaweza kumdumaza?"*

Dada pole sana, na naomba leo hii umsimamishe kukimbia kabla hujamaliza kusoma. Nasema hivo kwa sababu huyo binti ndo mimi nikiwa na miaka 17. Nilikuwa kambi ya mazoezi huku nyanda za juu, nilivunja ungo nikikaribia 16, nikaona siku mara tatu tu afu zikakata miezi kumi na moja, na kocha wangu aliniambia neno lile lile, kwamba mwili umekaza, ndo dalili ya kuwa fiti. Nikamwamini kabisa. Baadaye nikasomea fiziotherapia na sahivi kila mwaka napokea mabinti wa aina hii, kwa hiyo nakuandikia kama mtu aliyepita pande zote mbili.

Ugoko wangu ulianza kuuma ukiwa umeshapata joto la mazoezi, afu ukaanza kuuma tangu hatua ya kwanza, mwisho ukawa unauma hata usiku nimelala. Nikapigwa eksirei, ikatoka safi, nikaambiwa ni misuli nirudi kambini. Wiki nne baadaye eksirei ya pili ikaonyesha kiwingu cheupe kimejengeka pembeni ya mfupa katikati ya ugoko na mstari mwembamba unakatisha. Ule ni ufa wa uchovu. Kwa hiyo akipigwa picha sasa hivi ikawa safi usitulie, wiki mbili tatu za mwanzo ufa huu mara nyingi hauonekani kwa eksirei, unaonekana kwa MRI. Nyumbani jaribu hivi: pitisha kidole kimoja taratibu kwenye mfupa kuanzia chini ya goti hadi kifundo. Kama maumivu ni ya eneo refu la misuli ni jambo moja, ila kama kuna sehemu ndogo ya ncha ya kidole ambapo ukibonyeza anaruka, hiyo ni ya kutibu kama ufa mpaka ithibitike vinginevyo. Na kama anaumwa kwenye kinena au nyonga, hapo asikanyage kabisa, apewe magongo na awahishwe hospitali siku hiyo hiyo, maana shingo ya mfupa wa paja ikikatika yote ni upasuaji.

Sasa kwa nini mazoezi hayakunijenga. Mfupa una wafanyakazi wa aina tatu. Kuna seli zinazokula mfupa wa zamani, zinaitwa osteoklasti, zimetokana na ukoo wa seli za damu, kubwa zenye viini vingi, zinajibandika juu ya mfupa na kumwaga asidi mpaka shimo linachimbika. Kuna osteoblasti, hizo ndo mafundi waashi, zinakuja nyuma zinatandika protini afu madini yanaingia. Na kuna mafundi ambao walijijengea ndani wakabaki humo humo, ndo osteositi, hizi ni zaidi ya seli tisa kwa kila kumi za mfupa wa mtu mzima na zinaweza kuishi miaka mingi sana, zimeshikana mikono kwa nyuzi nyembamba zinazopita kwenye mifereji yenye maji. Ukikanyaga, mfupa unapinda kidogo usichoweza kukiona, yale maji yanasukumwa, osteositi inahisi, na inapunguza protini yake moja iitwayo sklerostini ambayo kazi yake ni kuwazuia waashi. Breki ikilegea, waashi wanafanya kazi. Ndo maana mkono wa kuchezea tenisi una mfupa mnene kuliko ule mwingine, na wanaanga wakikaa angani bila kukanyaga chochote wanapoteza kama asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi.

Lakini hapa ndo wengi wetu tunakosea. Osteositi zinasikia mshtuko kwa muda mfupi tu afu zinazoea. Mwaka 1984 walichapisha utafiti wa mfupa wa bawa la ndege uliokuwa unapindwa kwa mashine, wakaona kupinda mara 36 kwa siku kunajenga sawa na kupinda mara 1800. Mi nilikuwa nakimbia kilomita 12 asubuhi, hiyo ni kama mara elfu tano kwa kila mguu, yaani mfupa ulishasikia ujumbe dakika za mwanzo na zilizobaki zote zilikuwa uchakavu tu. Uchakavu huo unaacha nyufa ndogo sana, osteositi za pale zinakufa na kwa kufa kwake zinawaita walaji waje kuondoa sehemu mbovu. Kuchimba kunachukua kama wiki tatu, kujaza shimo lile kunachukua miezi mitatu minne. Ona hiyo tofauti. Katikati hapo mfupa una mashimo na ni dhaifu kuliko kabla, ukiendelea kuupiga unapasuka, ndo maana ufa mara nyingi unakuja wiki tatu nne baada ya mtu kuongezewa kilomita.

Mtu mwenye homoni zake sawa kwa kawaida anavuka hapo salama. Asiye na estrojeni, ile homoni ya kike inayotoka kwenye ovari, havuki, kwa sababu estrojeni ndo inayowashika walaji. Ikiwepo, osteoklasti zinazaliwa chache na zinakufa mapema, waashi na osteositi zinaishi zaidi, na osteositi zinasikia mzigo vizuri. Ikiondoka, walaji wanachimba ndani zaidi na waashi hawafikii, kila shimo linajazwa pungufu kidogo. Hiki ndo kinachowapata mama zetu hedhi ikikoma, ila binti wa miaka 16 inampata kwenye umri ambao kwa kawaida angekuwa anaweka akiba: hadi miaka 18 hadi 20 mtu anakuwa ameshapata kama asilimia 90 ya mfupa atakaokuwa nao maishani.

Na estrojeni yangu ilikata kwa njaa, ingawa sikuwahi kulala njaa. Nilikuwa na kilo 46, ukitoa mafuta ya mwili inabaki kama kilo 39. Nilikuwa nakula kama kilokalori 1600 kwa siku, chai kavu asubuhi, ugali mdogo na mboga mchana, usiku uji, na nilikuwa najivunia. Mbio zilikula kama 550. Inabaki 1050, gawa kwa 39 unapata 27. Chini ya 30 kwa kila kilo isiyo ya mafuta, ubongo unaanza kupunguza ile ishara inayoamsha ovari, hedhi inakata. Kinachotakiwa ni karibu na 45, kwa hiyo mimi nilitakiwa kula kama 2300 siku ya kilomita 12. Pengo ni kama 700, yaani chai ya maziwa na chapati mbili asubuhi, na sahani ya wali maharage iliyoongezwa. Wala sikuwa mwembamba wa kutisha, kwa hiyo usimpime binti yako kwa macho.

Kuhusu kudumaa. Daktari aliyenitibu alinipiga eksirei ya mkono wa kushoto pia, nikashangaa mguu ndo unauma. Akanionyesha mwisho wa mfupa wa mkono karibu na kifundo cha kiganja, kuna mstari mweusi. Ule ni bamba la ukuaji, ni gegedu, ndo maana eksirei inapita na kuonekana nyeusi. Ndani yake seli za gegedu zimepangana safu kama sarafu zilizopandanishwa: upande wa mwisho wa mfupa zipo zilizotulia kama akiba, zinazofuata zinagawanyika, afu zinavimba mara kadhaa ya ukubwa wake, na huko kuvimba ndo kunakosukuma sehemu kubwa ya urefu. Baada ya hapo gegedu inajaa chokaa, mishipa ya damu inaingia na waashi wanatandika mfupa juu yake. Estrojeni kidogo ya mwanzo wa balehe inaharakisha kazi hii, ila kadiri miaka inavyoenda inaimaliza ile akiba, na ikiisha bamba linafunga kuwa mfupa. Hata kwa wavulana, testosteroni yao sehemu inageuzwa estrojeni na hiyo ndo inafunga. Mwaka 1994 iliripotiwa habari ya mwanaume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kusikia estrojeni: alikuwa na sentimita 204, anaendelea kurefuka, mabamba yake yako wazi kama ya mtoto wa miaka 15, na mifupa yake imekonda.

Kwangu mabamba yalikuwa ya binti wa miaka 14 wakati mimi nina 17. Kwa hiyo jibu ni kwamba kukimbia kwenyewe hakudumazi, njaa ndo inapunguza kasi ya bamba, na kukosa estrojeni kunaliacha wazi kwa muda mrefu zaidi. Nilipoanza kula niliongezeka sentimita 3. Urefu unaweza kurudi. Unene wa mfupa ndo mgumu kurudi.

Nilipumzika wiki nane, nikaongezeka kilo 4, na hedhi ikarudi mwezi wa saba tangu nianze kula vizuri. Nikiwa na miaka 18 nilipimwa DEXA, picha ya kupima wingi wa mfupa, na hapa mwambie daktari wa binti yako asome alama ya Z, ile inayomlinganisha na wa umri wake, sio T ambayo ni ya akina mama waliokoma hedhi. Sifuri ndo wastani. Nyonga yangu ilikuwa -0.6, uti wa mgongo -1.9. Angalia tofauti hiyo, nyonga ilikuwa inapigwa kila siku ikajitetea kiasi, ila pingili za mgongo ndani yake ni kama sega la nyuki, walaji wana sehemu nyingi za kushika, na mzigo peke yake haukutosha kuzilinda. Miaka miwili baadaye mgongo ulifika -1.3. Nina miaka 33, bado haujafika sifuri.

Hospitali waombe wamcheki kwanza mimba, tezi ya shingo na prolaktini, ile homoni ya maziwa, maana hedhi inakata kwa sababu nyingine pia. Na akipewa vidonge vya uzazi wa mpango ili "arudishe siku", uliza vizuri. Vitaleta damu kila mwezi na wote mtatulia, ila damu hiyo ni ya vidonge, haionyeshi kwamba ovari zimeamka, na vikipita kwenye ini vinapunguza homoni inayowasaidia waashi. Chakula kwanza. Kama miezi sita hadi kumi na mbili ya kula vizuri haijarudisha, mtaalamu wa homoni anaweza kufikiria estrojeni ya kubandika kwenye ngozi, hiyo haipiti ini kwanza.

Akiweza kutembea nusu saa bila maumivu na kidole kikibonyeza hapaumi, ndo aanze kuruka kwa mguu ule mara kumi mbele yako. Akimaliza kumi bila kukunja uso, aanze na dakika moja kukimbia dakika mbili kutembea, siku moja anapumzika katikati.