Opsheni ya dola kwa shilingi, na riba ile ya pili

Nilikuwa na mwezi wa pili kwenye dawati la fedha za kigeni Nairobi pale mteja mmoja, mwagizaji wa vipuri vya magari, alipoomba bei. Baada ya miezi sita angelipa deni la dola milioni 1, na alitaka opsheni, yaani haki ya kuzinunua kwa shilingi 135 kila moja iwapo dola ingepanda kupita hapo. Isipopanda, angenunua sokoni kama kila mtu. Siku hiyo dola ilikuwa shilingi 130. Nikatoa fomula ya Black-Scholes kama nilivyofundishwa chuoni, nikaweka riba ya shilingi 10% kwa mwaka na myumbo wa bei 8%, nikapata shilingi 3.78 kwa kila dola. Nikampelekea mkubwa wangu kwa furaha.

Akaitazama, akaniuliza: "Kijana, dola hizo zimelala wapi miezi yote sita?"

Sikumwelewa. Ikabidi anichoree. Benki ikishauza opsheni ya namna hii haikai mikono mitupu ikiomba dola isipande. Inanunua dola kiasi fulani na kuziweka, ili dola ikipanda hasara ya opsheni ifidiwe na faida ya dola ilizonazo. Dola hizo hazikai kwenye droo. Zinakaa kwenye akaunti au kwenye hati za hazina za Marekani, zikizaa riba yake. Fomula ya mwaka 1973 niliyoitumia ilitungwa kwa hisa isiyolipa chochote wakati umeishika. Kwa hiyo nilikuwa nimemtoza mteja gharama ya kukopa shilingi za kununulia dola, nikasahau kumrudishia mapato ya dola zenyewe.

Mwanauchumi Merton alionyesha mwaka huohuo wa 1973 jinsi ya kuingiza gawio linalolipwa mfululizo. Soko la hisa la Philadelphia lilianza kuuza opsheni za sarafu Desemba 1982, na mwaka uliofuata Garman na Kohlhagen wakaandika fomula ya sarafu ambayo watu wa dawatini bado wanaiita kwa majina yao. Ukiziweka hizo mbili pamoja utaona ni kitu kimoja: riba ya dola inafanya kazi ileile ya gawio la hisa. Herufi inayotumika ni q.

Usianze na fomula. Anza na swali hili: ukitaka kuwa na dola 1 kamili baada ya miezi sita, leo unahitaji dola ngapi? Tuseme riba ya dola ni 4.5% kwa mwaka, ikijumlishwa mfululizo. Jibu ni dola 0.9778, maana riba itaongeza zilizobaki. Kwa bei ya 130, hizo ni shilingi 127.11. Basi marekebisho yote ndiyo hayo: kila mahali ambapo fomula ya zamani ina 130, weka 127.11. Kwa hisa ni hivyohivyo. Unanunua hisa 0.9778, kila gawio linaloingia unanunulia hisa zaidi, na mwisho wa safari unayo hisa moja.

Kwa kompyuta ni mistari michache. S ni bei ya leo, K bei ya mkataba, T muda kwa miaka, r riba ya shilingi, na v myumbo wa bei:

```python
from math import log, sqrt, exp
from statistics import NormalDist
N = NormalDist().cdf

def bei(S, K, T, r, q, v):
    d1 = (log(S/K) + (r - q + v*v/2)*T) / (v*sqrt(T))
    d2 = d1 - v*sqrt(T)
    A, B = S*exp(-q*T), K*exp(-r*T)
    return A*N(d1) - B*N(d2), B*N(-d2) - A*N(-d1)

print(bei(130, 135, 0.5, 0.10, 0.045, 0.08))
```

Namba ya kwanza inayotoka ni opsheni ya kununua, ya pili ni ya kuuza: shilingi 2.28 na 3.58. Linganisha 2.28 na ile 3.78 yangu. Tofauti ni shilingi 1.50 kwa dola, yaani shilingi milioni 1.5 kwa mteja yule. Angetucheka, kisha angeenda benki ya jirani.

Sasa angalia kosa hilo lilivyojificha. Fomula yangu ilidhani bei ya dola ya miezi sita ijayo, ile ya mkataba wa mbele, ni 130 iliyokuzwa kwa 10%, yaani 136.67. Bei ya mbele halisi hukua kwa tofauti ya riba mbili tu, 5.5%, na inafika 133.62. Bei ya mkataba ya 135 ilikuwa juu ya bei ya mbele. Mimi niliipiga hesabu kana kwamba iko chini yake. Kabla ya kugusa opsheni yoyote, andika kwanza bei ya mbele kwenye karatasi. Ukiiona haifanani na ile ambayo dawati linauza, hapo umeshapata kosa lako bila kufungua fomula.

Kosa la pili ni la watu waliosikia nusu ya somo. Wanaambiwa "ondoa riba ya dola kwenye riba ya shilingi," basi wanachukua fomula ya zamani na kuweka 5.5% mahali pa r. Wanapata 2.33. Inakaribia sana 2.28, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Shida ni kwamba r ina kazi mbili. Inaamua bei ya mbele itakuwa wapi, na inarudisha malipo ya mwisho kwenye thamani ya leo. Tofauti ya riba inahusika na kazi ya kwanza peke yake. Malipo ya mwisho ni ya shilingi, kwa hiyo yanarudishwa leo kwa riba nzima ya shilingi. Ukichanganya hizi mbili, bei yako inazidi kwa 2.3% katika miezi sita, na kwa opsheni ya miaka miwili inazidi kwa zaidi ya 9%. Kosa linakua kimyakimya kadiri muda unavyorefuka, na mimi naliogopa kuliko la kwanza.

La tatu ni kugeuza riba: ya dola ikakaa penye r, ya shilingi penye q. Kwa mfano wetu inatoka kama senti 45. Hili hutokea zaidi unapohama kutoka sarafu moja kwenda nyingine, kwa sababu ukikariri kwamba q ni riba ya dola, siku ya euro kwa dola utaumia: hapo dola ndiyo inayolipia, kwa hiyo riba yake inakuwa r. Jiulize kila mara ni kitu gani kinanunuliwa na ni kipi kinatumika kulipia. Kinachonunuliwa kinabeba q.

Makosa yote matatu yananaswa na kipimo kimoja. Toa bei ya opsheni ya kuuza kwenye ile ya kununua: 2.28 kutoa 3.58 ni hasi 1.30 na kitu. Kisha chukua bei ya mbele 133.62, toa 135, na urudishe leo kwa riba ya shilingi: hasi 1.31. Kwa namba kamili zote mbili ni hasi 1.308. Mwenye nusu ya somo atapata hasi 1.338. Lakini tumia bei ya mbele iliyotoka nje ya programu yako, maana programu yenye kosa hukubaliana na kosa lake yenyewe.

Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo vitabu hulipita haraka: q unaitoa wapi? Mgeni huenda kwenye tovuti, akachukua riba ya dola ya Marekani na ya hati za hazina za Kenya, akaziweka. Kwanza, riba hizo hazijaandikwa kwa kujumlishwa mfululizo. Riba ya kawaida ya 10% kwa siku 182, mwaka ukihesabiwa siku 365, ni kama 9.76% ukiigeuza. Dola huhesabiwa kwa mwaka wa siku 360, basi nayo inahitaji kugeuzwa kwa namna yake. Pili, na hili ni kubwa zaidi, bei ya mbele ya shilingi haifuati kwa utii riba zilizoandikwa kwenye tovuti. Dola zikiwa adimu mjini, riba yake ya kweli hapa si ile ya New York.

Kwa hiyo mimi huisoma q kwenye bei ya mbele yenyewe, F: q = r − ln(F/S)/T. Tuseme dawati linauza dola za miezi sita kwa 133.20. Kwa r ya 10%, q inatoka 5.14% badala ya 4.5%. Ukiiweka, opsheni ya kununua inashuka hadi 2.10. Hizo senti 17 na kitu zilikuwa za nani? Zilikuwa za yeyote ambaye angegundua kwamba opsheni zako na mikataba yako ya mbele hazielewani, akauza moja na kununua nyingine.

Kinga, yaani zile dola ambazo benki inazishika, nayo inabadilika. Kwa fomula ya zamani unashika dola N(d1) kwa kila dola ya opsheni. Sasa unaizidisha kwa 0.9778. Kwa d1 yenye q ya 4.5% hiyo ni dola 429,500 hivi badala ya 439,300. Zilizopungua zitaletwa na riba. Mteja akilipia opsheni kwa dola badala ya shilingi, kiasi hicho kinabadilika tena, kwa hiyo uliza malipo ni ya sarafu gani kabla ya kununua kinga.

Kuhusu ile 8% ya myumbo, q haitakusaidia. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160. Februari Kenya ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili inunue sehemu ya ile iliyokuwa inaiva Juni, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka chini ya 135. Fomula hii inadhani bei inatembea hatua ndogondogo. Haijui kuruka.

Kwa upande wa hisa, gawio la mfululizo linafaa fahirisi yenye kampuni nyingi, kama S&P 500, ambako karibu kila wiki kuna kampuni inayolipa. Hisa moja inayolipa mara moja kwa mwaka ni habari nyingine. Chukua hisa ya shilingi 20 yenye gawio la shilingi 1, yaani 5%. Opsheni ya miezi sita yenye q ya 5% itakata bei hadi 19.51. Kama gawio linalipwa baada ya miezi minane, opsheni imeshakufa na hakukuwa na cha kukata: ilipaswa kubaki 20. Kama linalipwa baada ya miezi miwili, ilipaswa kuwa kama 19. Yaani 19.51 ni kosa kwa vyovyote. Hapo weka q sifuri, na kwenye bei ya hisa utoe thamani ya leo ya gawio, iwapo tu linaangukia ndani ya muda wa opsheni. Na kama mkataba unamruhusu mwenye opsheni kuitumia siku yoyote, usitumie fomula hii kabisa: huenda akataka kuitumia siku moja kabla hisa haijaanza kuuzwa bila gawio, na fomula inajua siku ya mwisho tu.