Mumunye chungu: mwaga sufuria nzima

"Wakuu, nimechuma mumunye la kwetu, nimelipika kwa tui, limekuwa chungu kama shubiri. Nimeongeza sukari, wapi! Nikilichemsha zaidi uchungu utaisha, au ndiyo nimwage?"

Mwaga mkuu, pamoja na tui lake. Najua inauma kumwaga nazi mbili, lakini moto hauondoi uchungu huo. Unaitwa kukurbitasini, na ndiyo sumu yenyewe. Ukichemsha saa zima bado ipo, tena inakuwa imeshaenea kwenye mchuzi. Sukari na chumvi zinaudanganya ulimi tu, tumbo halidanganyiki.

Haya yametukuta nyumbani. Mama mkwe alikuwa na mbegu za mumunye alizozitunza mwenyewe. Msimu wa nyuma mumunye wake ulitambaa kwenye ua mmoja na vibuyu vya jirani, vile vya kukausha na kuwekea maziwa. Hakuna aliyejali, kwani mamumunye ya msimu ule yalikuwa matamu kama kawaida. Ubaya ulikuwa ndani ya mbegu. Mumunye wa kula na kibuyu cha kukausha ni mmea wa jamii moja kabisa, kwa hiyo mdudu akitoka ua hili kwenda lile, anachanganya mbegu. Nyama ya tunda inabaki ya mama yake, hivyo mwaka ule huoni kitu. Unapanda zile mbegu, na tunda la mwaka unaofuata ndilo linakuja na uchungu wa kibuyu, huku kwa macho ni mumunye lile lile: ngozi kijani, laini, ukucha unazama.

Siku ya kulipika, mke wangu alionja kijiko kimoja akatema. Mimi nilimeza vijiko viwili vitatu nikaacha. Baba mkwe alimaliza bakuli. Wazee wetu hawa kitu kikiwa kichungu wanasema kinasafisha damu, na akatutolea mfano wa karela, mbona inaliwa? Karela ni mmea mwingine na uchungu wake ni wa asili, ndivyo ulivyo siku zote. Mumunye, boga na tango vilichaguliwa na wakulima vizazi na vizazi mpaka uchungu ukapotea. Ukiuona umerudi, ujue kuna kitu kimeharibika.

Hata saa moja haikupita, tumbo likaanza kumkata. Akatapika mara nyingi, kisha kuharisha, na matapishi ya mwisho yalikuwa na damu. Akisimama anaona kizunguzungu. Hospitali walikuta presha imeshuka sana, wakamtundikia dripu usiku kucha huku wakipima presha kila baada ya muda. Daktari alituambia wazi kwamba sumu hii haina dawa ya kuiondoa mwilini, wanachofanya ni kurudisha maji na kuilinda presha mpaka mwili utulie. Mimi nilisokotwa na tumbo na kuharisha hadi alfajiri. Mke wangu aliyetema hakupata kitu.

Wahindi wanalijua hili vizuri kuliko sisi, maana kule watu hukamua juisi ya mumunye bichi na kuinywa asubuhi kama dawa. Mwaka 2010 mwanasayansi mmoja wa Delhi alikunywa juisi ya hivyo iliyokuwa chungu akafariki. Baraza la Utafiti wa Tiba la huko likaunda kamati, na ushauri wake ulikuwa mwepesi: onja kipande kabla ya kukamua, kikiwa kichungu tupa.

Sisi sasa hivi tunaonja kabla ya kukata vipande. Unachukua kijipande kibichi kama ukucha wa kidole kidogo, unakigusisha ulimini, ukisikia uchungu unatema na kusukutua. Fanya hivyo kwa kila tunda, maana tunda tamu halikuhakikishii la mmea wa pili. Tango nalo huwa chungu zaidi upande wa kikonyo, hasa likikua kwenye jua kali bila maji. Ule mchezo wa kukata ncha na kuisugua mpaka itoe povu, mimi siuamini. Kama uchungu umefika katikati, tango lote linakwenda shimoni.

Kama kuna aliyekula kwako na anatapika, usisubiri kuona damu. Mpeleke, na useme kabisa kwamba amekula mumunye chungu, la sivyo watadhani ni chakula kilicholala. Ng'ombe na mbuzi pia usiwape. Na ule mmea uliochumia ung'oe leo, mbegu zake zichome. Sisi tulitupa maganda jalalani, mvua ziliponyesha yakaota matatu.