Unawasikia, wao hawakusikii: anza na plagi

Hedseti ikikupa sauti vizuri lakini wenzako mkutanoni hawakusikii, usikimbilie kununua nyingine. Chomeka hiyo hiyo kwenye simu yenye tundu la duara, jirekodi, kisha usikilize. Kama sauti yako haipo, tazama ile swichi ndogo kwenye waya, chini kidogo ya kidevu. Husukumwa kwa urahisi inapogusana na nguo, na nyingi hazina taa ya kukuonya. Isukume upande wa pili, ujirekodi tena.

Sauti ikiwepo kwenye simu, hedseti ni nzima na shida iko kwenye kompyuta. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa binamu yangu wa Umoja, aliyenunua kompyuta ya mezani ya mtumba ili afanye mahojiano ya kazi mtandaoni. Alinipigia akiwa na wasiwasi: "Dada, mimi nawasikia wote, lakini wanasema niko kimya."

Nilimwambia aitazame plagi kwa karibu. Ilikuwa moja, ya milimita 3.5, yenye pete tatu nyeusi. Pete tatu hugawa chuma sehemu nne: mbili za spika, moja ya waya wa pamoja, na moja ya maiki. Kompyuta yake ilikuwa na matundu mawili, la kijani la kusikiliza na la waridi la maiki. Tundu la kijani limeundwa kwa plagi ya sehemu tatu, kwa hiyo spika hufanya kazi huku maiki ikiwa haijaunganishwa popote. Kuihamishia kwenye la waridi hakusaidii, maana hapo utapoteza hata usikivu.

Dawa yake ni splita, na hapa ndipo wengi huuziwa isiyofaa. Ukienda Luthuli Avenue ukasema tu "splita", unaweza kupewa ile ya watu wawili kusikiliza simu moja, yenye plagi moja na matundu mawili. Unayoitaka ni kinyume chake: tundu moja la kuingiza hedseti, na plagi mbili, moja ikiwa na alama ya hedifoni, nyingine ya maiki. Hesabu pete kabla ya kulipa: kila plagi iwe na mbili. Laptopu yenye tundu moja lenye alama ya hedifoni yenye maiki haihitaji splita.

Alipoiunganisha, bado walimwambia yuko kimya. Katika Windows 11 tulifungua `Settings`, kisha `Privacy & security`, kisha `Microphone`. `Microphone access` ilikuwa imewashwa, lakini `Let desktop apps access your microphone` ilikuwa imezimwa, na programu yake ya mikutano ni ya aina hiyo. Tuliiwasha. Kisha tukaenda `System`, `Sound`, sehemu ya `Input`, tukachagua maiki ya tundu la waridi badala ya ile ya kamera. Alipozungumza, mstari wa sauti ukaanza kupanda na kushuka.

Ukifanyia mkutano kwenye kivinjari, kina ruhusa yake pia: bofya alama iliyo kushoto mwa anwani ya tovuti, uruhusu maiki, kisha uupakie ukurasa upya.